Karatasi ya mlangoni: saa, salamu na msaada

Leo naandika juu ya karatasi moja ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha duka hapa Maskati, mtaa wa Ruwi. Duka ni la mpwa wangu. Kazi yake kutaipu, kupiga kopi, kujaza fomu za watu, na kutafsiri vyeti vilivyotoka Unguja, Pemba na Mrima ili vikubaliwe katika ofisi za huku. Wateja wake wengi ni watu wetu, na wengi wao ni watu wazima ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuulizia mambo, hata kama Kiarabu wanakisema.

Mwezi wa Julai uliopita alikuja mama mmoja kutoka Ibra. Kaletwa na gari ya jirani, kashushwa mlangoni saa 8 mchana, na gari ikenda zake. Mlango umefungwa. Akasoma karatasi, akaona duka liwe wazi, akabisha. Akasoma tena, akabisha tena. Alikaa nje mpaka saa 10 alasiri, yaani masaa mawili katika jua la Julai, na lau si muuza vitambaa wa jirani kumtolea kiti na chupa ya maji, sijui ingekuwaje. Mpwa wangu alipofungua alimkuta mama wa watu uso umemvimba kwa joto. Akasema, "Mwanangu, mbona mmeandika mpo na hampo?"

Jioni ile mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba, karatasi yangu ina nini?" Nikenda kuisoma. Ilikuwa hivi:

TAFADHALI INGIENI
Hapa tunatoa msaada wa aina zote
Fomu, viza, tafsiri n.k.
8 – 1 / 4 – 9
Ijumaa imefungwa

Mistari mitano, na kila mmoja una lake. Lakini nianze na ule wa saa, maana ndio uliomweka mama juani.

Mpwa wangu kazaliwa Maskati. Kwake 8 ni saa ya simu yake, ile inayoandikwa 8:00 asubuhi. Duka linafungua wakati huo, linafunga 1:00 kwa sala ya adhuhuri na chakula, linafungua tena 4:00 baada ya alasiri, na kufunga 9:00 usiku. Kwa Kiswahili hizo ni saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana, na saa 10 mpaka saa 3 usiku. Sasa tazama namna mama wa Ibra alivyosoma, kwa Kiswahili chake cha Unguja. "8 – 1" kwake ni saa nane mchana mpaka saa moja ya magharibi. "4 – 9" ni saa nne asubuhi mpaka saa tisa mchana. Kwa hisabu hiyo duka liko wazi toka saa nne asubuhi mpaka saa moja usiku bila ya kupumzika, na saa nane mchana ndiyo saa ya uhakika kabisa, kwani inaingia katika mistari yote miwili. Mama hakukosea hata kidogo. Kachagua saa bora kwa mujibu wa karatasi, na hiyo saa ndiyo duka limefungwa katikati ya mapumziko yake.

Hii tafauti ya masaa sita sote tunaijua, tena tunacheka nayo majumbani. Tatizo ni kuwa mtu akiwa anazungumza, sauti yake inaonyesha anahisabu vipi. Akisema "saa mbili asubuhi" umeshaelewa. Tarakimu peke yake kwenye kioo haina sauti. Na watoto wetu wa huku wamezidisha, maana wanachanganya: wanasema "saa nane asubuhi" wakikusudia 8:00. Kwa msikilizaji wa Unguja saa nane asubuhi haipo. Kuna saa nane usiku na saa nane mchana. Ubaya zaidi ni "saa tisa usiku" kwa kukusudia 9:00, maana hiyo ipo: ni wakati wa mtu kuamka kwa tahajudi, na hakuna duka linalofungwa saa hizo.

Kwa hiyo niliyomshauri ni kuandika yote mawili, kila moja kwa namna yake, kusiwe na mlango wa kuchanganya. Saa ya Kiswahili iandikwe pamoja na neno "saa" mbele na wakati wa siku nyuma: saa 2 asubuhi. Saa ya simu iandikwe kwa nukta mbili na sufuri zake: 8:00. Jicho la msomaji linatambua mara moja kuwa "saa 2" na "8:00" si hesabu ya aina moja, na kila mtu anachukua ile aliyoizoea. Usiandike "saa 8:00" hata siku moja. Hiyo ndiyo inayovuruga, kwa sababu neno ni la huku na tarakimu ni za kule.

Liko jambo jingine katika mstari ule ambalo sikuliona mpaka tulipoweka Kiarabu ubavuni. Karatasi za huku huwa na lugha mbili, na ndivyo inavyofaa, maana si wateja wote ni wetu. Kiarabu kinasomwa kutoka kulia. Tarakimu zenyewe zinasomwa kushoto kwenda kulia katika lugha zote mbili, lakini ukiziweka mbili na kistari katikati, msomaji wa Kiarabu anaanza na ile ya kulia. Basi "4 – 9" ile ile, mmoja anaisoma nne mpaka tisa, na mwengine tisa mpaka nne. Tena ukiandika kwa kompyuta, programu yenyewe mara nyengine inazigeuza unapobandika maneno ya Kiarabu, na wewe hujui mpaka karatasi imeshachapwa. Dawa yake ni kuacha kistari na kuandika neno: "kuanzia" na "mpaka" kwa Kiswahili, "min" na "ila" upande wa Kiarabu. Neno halina kulia wala kushoto.

Haya, turudi juu, kwenye salamu.

"Tafadhali ingieni." Nilimwuliza mpwa wangu kaitoa wapi. Akasema milango ya madukani imeandikwa "tafadhal", na yeye kaigeuza Kiswahili. Hapo ndipo neno linapokuhadaa kwa kuwa limetoka nyumba moja. Mwarabu akikwambia "tafadhal" anakukaribisha: pita, kaa, kula. Kiswahili kimelichukua neno hilo na kulipa kazi nyengine, ya kuomba. "Tafadhali nipishe." "Tafadhali usipige kelele." Kwa hiyo "tafadhali ingieni" kwa sikio la mtu wa kwetu ni kama mwenye duka anawasihi watu waingie, au kama askari anayewapanga watu foleni. Neno la Kiswahili la kazi hiyo ni "karibu", na halihitaji kusaidiwa.

Karibu au karibuni? Nimeona watu wakiweka "karibuni" wakidhani ndiyo adabu zaidi. Karibuni ni ya wengi, kama katika kadi ya harusi, au mlangoni penye shughuli. Karatasi ya duka inasomwa na mtu mmoja mmoja, kasimama peke yake na bahasha yake mkononi. Mwambie yeye: "Karibu ndani." Na neno "ndani" si la pambo. Kioo cha duka lile kimetiwa giza kwa sababu ya jua, mtu wa nje haoni kama kuna mtu, na wazee wetu wamelelewa kupiga hodi na kungoja wajibiwe. Wapo wanaosimama nje wakipiga hodi kwenye mlango wa kioo huku ndani mashine ya kopi inanguruma na hakuna anayesikia. "Karibu ndani" inawajibu hodi kabla hawajaipiga.

Juu yake tukaweka "Assalaam alaykum", kwani ndiyo salamu ya mji na kila anayepita pale anaielewa kwa lugha yoyote aliyonayo. Tukaishia hapo. Mpwa wangu alitaka kuongeza "mteja wetu mpendwa" na "tunafurahi kukuhudumia". Nikamwambia haya aseme kwa mdomo mtu akishaingia.

Mstari wa pili ndio ulionishughulisha kuliko yote. "Hapa tunatoa msaada wa aina zote." Nilimwuliza, "Hujapata watu wanaokuja kuomba fedha?" Akacheka, akasema wapo, kila wiki mmoja wawili, na yeye alikuwa hafahamu kwa nini wanakuja kwake na si kwa muuza vitambaa. Wanakuja kwa sababu kaandika anatoa msaada. Kwetu "kutoa msaada" ni kumpa asiye nacho. Jumuiya inatoa msaada, tajiri anatoa msaada. Anayekujazia fomu na kukutoza riali moja hakutoa msaada, kafanya kazi yake ya halali. Na ubaya wa neno hili unakwenda pande mbili: mwenye shida anaingia akitarajia asichokikuta, na mwenye heshima zake, ambaye hataki kuonekana anasaidiwa, anapita zake hata kama fedha za kulipa anazo.

Wengi hukimbilia "huduma" badala yake. Si kosa, lakini "tunatoa huduma mbalimbali" haimwambii mtu kitu chochote. Msomaji wa mlangoni ana suala moja tu kichwani: jambo langu hili, hapa litafanyika? Anatafuta jambo lake kwa jina lake. Kwa bahati Kiswahili kina njia fupi ya kumjibu, ambayo lugha nyingi zinaitafutia maneno matatu manne. Ni ile herufi ya kufanyia: kujaza inakuwa kujazia, kuandika kuandikia, kusoma kusomea, kupeleka kupelekea. "Tunajaza fomu" ni kazi ya ofisi. "Tunakujazia fomu" ni ahadi kwa aliyesimama mlangoni, na ndani yake mna kila kitu: nani anafanya, nani anafanyiwa, na kitu gani. Neno "msaada" halikutajwa na msaada umeonekana.

Tukakaa tukaandika mambo ambayo watu humjia kwayo hasa. Alitaja kumi na moja. Nikamwambia achague yale ambayo mtu asingeyajua bila ya kuambiwa. Kopi haina haja, mashine inaonekana. Picha ndogo za pasipoti zina kibao chake. Yakabaki matatu: kujaza fomu, kuandika na kusoma barua, na kutafsiri vyeti. Hilo la kusoma barua yeye hakulitia katika hesabu, maana halitozi fedha. Mtu analeta barua ya ofisi kwa Kiarabu cha kiserikali, anataka kujua imesema nini tu. Ndilo lililoleta watu wengi zaidi baada ya kuliandika.

Kwenye "viza" tulibishana. Yeye anajaza maombi, lakini viza ya Omani inatolewa na polisi, wala duka halina amri hata kidogo. Ukiandika "viza" peke yake katika orodha, atakuja mtu akidhani ananunua viza pale, na ikikataliwa atakuja kudai fedha zake. Tukaitoa orodhani, ikaingia ndani ya fomu: "fomu za viza". Maneno matatu, na mpaka wa kazi umeonekana.

Tafsiri nayo ina mpaka wake. Cheti cha kuzaliwa cha Unguja, au cheti cha ndoa cha kadhi, hakipokelewi katika ofisi za huku kwa tafsiri ya mtu yeyote tu. Kinatakiwa muhuri wa ofisi ya tafsiri yenye leseni. Mpwa wangu hana leseni hiyo. Anachofanya ni kukisoma cheti, kuhakikisha majina yameandikwa sawa na ya kwenye pasipoti (hapa ndipo penye balaa, maana Said na Saeed na Sayyid mara nyengine ni mtu mmoja), kisha kukipeleka kwa wenye leseni na kukirudisha. Asipolisema hilo mlangoni, mtu anakuja leo kwa cheti anachokitaka leo. Kwa hiyo likaandikwa, pamoja na siku zake.

"N.k." tukaifuta. Mwandishi akiandika "na kadhalika" anamwachia msomaji akamilishe mwenyewe, na mtu mwenye shida hukamilisha kwa shida yake. Na "aina zote" ikenda nayo.

Kuhusu bei, sikutaka iwekwe nje, kwani hubadilika kwa kazi. Lakini woga wa bei ndio unaomrudisha mtu mlangoni. Tukaweka maneno matatu: "Kuuliza ni bure."

Mstari wa mwisho, "Ijumaa imefungwa", ni tafsiri tu ya vibao vya mjini. Ijumaa haifungwi, ni mlango unaofungwa. Tena haikuwa kweli, duka linafungua Ijumaa jioni. Hapa Omani tangu mwaka 2013 mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, zamani yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na wazee wengine bado Alhamisi wanaihesabu siku iliyolala. Kwa hiyo taja siku ulizopo kwa majina yake, usitegemee mtu ajue "mwisho wa wiki" ni lini.

Hii ndiyo karatasi iliyopo sasa, upande wa Kiswahili:

Assalaam alaykum. Karibu ndani.
Tunakujazia fomu, pamoja na fomu za viza.
Tunakuandikia barua na kukusomea barua.
Tunakushughulikia tafsiri ya vyeti yenye muhuri. Huchukua siku 2.
Kuuliza ni bure.
Jumamosi mpaka Alhamisi:
kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana (8:00 mpaka 1:00)
kuanzia saa 10 alasiri mpaka saa 3 usiku (4:00 mpaka 9:00)
Ijumaa: jioni tu, kuanzia saa 10 alasiri (4:00)
Ukikuta pamefungwa, piga simu:

Na chini yake namba, kwa tarakimu kubwa kuliko kila kitu. Hiyo namba ndiyo ingemfaa mama wa Ibra, maana mpwa wangu anakaa nyuma ya duka, mwendo wa dakika tano. Tuliongeza baadaye "saa za Maskati" pembeni ya saa, kwa sababu watu waliipiga picha karatasi wakawapelekea jamaa zao Unguja, na kule wako nyuma yetu saa moja. Mtu akipiga saa 7 mchana ya kwao, huku ni saa 8 na duka limelala.

Maandishi tuliyachapa meusi juu ya karatasi nyeupe. Ile ya kwanza salamu yake ilikuwa nyekundu, na jua la kioo cha magharibi lilikuwa limeshaila, imebaki waridi hafifu. Nyekundu hupauka upesi katika jua, nyeusi inastahamili. Urefu wa herufi ndogo kabisa tuliupima sentimita moja, mtu asome akiwa hatua moja kutoka kwenye kioo bila ya kutafuta miwani, na salamu sentimita tatu ionekane toka njiani. Tukaibandika usawa wa macho ya mama wa makamo, si ya mpwa wangu ambaye ni mrefu kama mnazi. Ramadhani, saa zinapobadilika, inabandikwa karatasi nyengine juu yake, na inabanduliwa siku ya pili ya Idi. Hili la kubandua wengi hulisahau, nimeona saa za Ramadhani mlangoni mwa watu katika Mfungo Tatu.

Wapo waliouliza kwa nini tusiandike Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama barua walizokuwa wakiandika mama zetu. Kweli wapo bibi zetu waliosoma chuoni tu na herufi za kizungu zinawapa tabu. Tulijaribu mstari mmoja, "Karibu ndani, tunakusomea barua". Ukasomeka vizuri na wenyewe, lakini wateja Waarabu walisimama wakijaribu kuusoma kama Kiarabu chao, wakaingia kuuliza una maana gani. Tuliubakisha ndani, juu ya meza.

Kabla ya kuichapa mara ya mwisho tulifanya jaribio ambalo namshauri kila mwenye mlango. Tulimsimamisha mtu nje ambaye hakuwepo tulipoandika, tukamwambia asome kwa sauti, kisha tungoje atauliza nini. Anachouliza ndicho kilichokosekana. Wa kwanza aliuliza, "Ijumaa mnafunga saa ngapi?" Jawabu ni kuwa hakuna saa maalumu, wanafunga watu wakimalizika, kwa hiyo tukaacha. Wa pili hakuuliza kitu.

Wa tatu alikuwa mama wa Ibra mwenyewe, aliyekuja kuchukua cheti chake. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa pale penye saa 10. Kisha akaniuliza, "Na mtu akifika saa tisa, atakaa wapi?"

Sasa pana benchi chini ya kivuli cha duka la vitambaa, na mstari mmoja umeongezwa chini ya namba ya simu: "Benchi la kungojea liko upande wa kulia."